Soneti Si Hesabu ya Mishororo

Desemba iliyopita nilikuwa Sagana kwa shosho, na binamu yangu wa Kidato cha Nne alikuwa mezani na karatasi ya marudio ya Kiswahili. Swali lilikuwa hili: shairi hili ni la aina gani? Thibitisha. Alihesabu kwa ncha ya kalamu, akaandika: "Soneti, kwa sababu lina mishororo 14." Akaenda kwa swali lingine. Nilimwuliza shairi lenyewe linasema nini. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu ambacho hakiuzwi. "Hiyo hawajauliza," akasema.

Simlaumu. Hata mimi nilifunzwa hivyo, na pengine wewe pia. Tulikariri ile ngazi: mshororo mmoja kwa ubeti ni tathmina, miwili tathnia, mitatu tathlitha, minne tarbia, mitano takhmisa, halafu ukiruka juu kabisa unakuta soneti, 14. Ngazi hiyo ni sawa kwa tarbia. Ubeti wa mishororo minne ni ubeti wa mishororo minne. Lakini kwa soneti ni uongo, na ni uongo wenye hasara, kwa sababu unampa mwanafunzi alama mbili na kumfungia mlango. Soneti haikuwa soneti kwa sababu ya 14. Ilikuwa soneti kwa sababu ndani ya hiyo mishororo 14 kuna mahali shairi linapinda, na likishapinda halirudi tena kule lilikotoka.

Mtu anayetajwa kama mwanzilishi wa umbo hili ni Giacomo da Lentini, mwandishi wa hati katika baraza la Mfalme Frederick wa Pili kule Sisilia, karne ya 13. Umbo alilotumia lilikuwa na sehemu mbili zisizo sawa: mishororo 8, halafu 6. Hebu fikiria hilo kidogo. Kama shida ilikuwa kujaza mishororo 14 tu, angekata katikati, 7 kwa 7, kazi ikaisha. Aliacha upande mmoja uwe mzito kuliko mwingine. Ule mzito unapanga jambo: swali, lalamiko, picha, hoja. Ule mwepesi unalijibu, na kwa sababu una nafasi ndogo, hauwezi kulijibu kwa kurudia. Ni lazima ufanye kitu kingine. Waitaliano wakapaita pale katikati volta, yaani mgeuko. Mimi nitapaita kona, kwa sababu sote tumewahi kupanda matatu.

Sasa, wale waliowahi kusikia habari ya kona huwa na kosa lao la pili, na hili ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu linavaa suti ya elimu. Wanasema: kona iko mshororo wa 9, na ukitaka kuiona tafuta neno "lakini". Basi tunasoma kwa kidole, moja, mbili, tatu, hadi tisa, tunaona "lakini", tunapiga mstari chini yake na kufunga kitabu. Hilo ni kuhesabu tena, ila kwa nambari nyingine.

Chukua soneti ya 29 ya Shakespeare, kati ya zile 154 zilizochapishwa 1609. Mtu yuko chini kabisa. Bahati imemtupa, watu wamemtupa, analia peke yake. Anaisumbua mbingu kwa kelele na mbingu ni kiziwi. Anamwonea wivu huyu kwa sura yake, yule kwa marafiki zake, mwingine kwa kipaji. Mishororo 8 nzima ni hiyo. Mshororo wa 9 unaanza na neno la kupinga, kama "hata hivyo". Mwanafunzi wetu amefurahi, amepata. Lakini soma huo mshororo wote hadi mwisho. Mtu huyo bado anajidharau! Hajatoka alipokuwa. Neno la kupinga lipo, ila fikra haijapinda. Ni kama ukitoka Nairobi ukaona pale Makutano kibao kimeandikwa Embu. Kibao si kupinda. Gari linaweza kukipita kibao likanyoosha moja kwa moja hadi Sagana.

Gari linapinda mshororo wa 10. Pale ndipo, bila kutarajia, anamkumbuka mpenzi wake. Na ushahidi hauko kwa neno la kuunganisha. Uko kwa kitu ambacho unaweza kukikagua mwenyewe: kabla ya mshororo wa 10, shairi zima halina "wewe" hata mara moja. Ni mimi, mimi, yule, yule mwingine. Nafsi ya pili inaingia pale kwa mara ya kwanza, na ikishaingia kila kitu kinahama. Ile mbingu iliyokuwa kiziwi, sasa anaimba mlangoni pake kama ndege wa alfajiri, na haombi kitu. Neno lenye maana ya "hali" linatokea mara tatu katika shairi hilo. Mara ya kwanza, mwanzoni, ni hali ya mtu aliyetengwa. Mara ya pili, baada tu ya kumkumbuka mpenzi, ni hali inayoimba. Mara ya tatu, mwisho kabisa, ni hali ambayo hangekubali kubadilishana hata na wafalme.

Halafu jiulize swali ambalo karatasi ya marudio haiulizi: ni nini hakijabadilika? Bahati yake haijabadilika. Hajapata pesa, wala sura, wala kipaji cha jirani. Kesho ataamka akiwa vilevile. Kilichobadilika ni mizani anayojipimia. Ukisema "baada ya kona mshairi anafurahi", hujasema kitu, kwa sababu hata mtu aliyeshinda bahati nasibu anafurahi. Ukisema "baada ya kona anaacha kujipima kwa wenzake na kuanza kujipima kwa pendo alilo nalo, na hali yake ya nje imebaki ileile", hapo umelisoma shairi.

Na kama bado unaing'ang'ania 9, nenda kwa John Milton na soneti yake kuhusu upofu. Anauliza kama Mungu anadai kazi ya mchana kwa mtu aliyenyimwa mwanga. Kabla hajamaliza kunung'unika, Subira anamkatiza na kuanza kujibu. Anamkatiza wapi? Katikati ya mshororo wa 8. Kona imekuja mapema, na kuja kwake mapema ni sehemu ya maana: Subira hangoji zamu yake, anauzima mnung'uniko kabla haujakua. Baada ya hapo sauti ya mwenye upofu haisikiki tena. Aliyeanza shairi siye anayelimaliza. Hicho ndicho kilichobadilika: msemaji.

Nimezunguka hadi kwa Waingereza kwa sababu hayo mashairi mtayapata kwa urahisi na mnaweza kunikosoa. Lakini somo lenyewe sikulipata kwao. Nililipata Sagana, kwa aibu.

Guka alifariki miaka michache kabla ya treni ya abiria kurudi kwenye reli ya Nanyuki, Desemba 2020. Reli hiyo inapita Sagana. Miaka yake ya mwisho, guka alikuwa na mazoea ya kubeba kiti jioni na kukaa karibu na reli, ambayo ilikuwa imeota nyasi. Sisi watoto wa Nairobi tuliona picha tamu kweli: mzee anangoja treni ambayo haiji. Treni iliporudi, nikasema hapa kuna soneti. Nikaandika mishororo 8 ambayo sioni haya nayo hadi leo:

Guka alikaa nje, kiti chake penye reli,
Kituo kimeshafungwa, nyasi hadi mlangoni.
Jioni akauliza: itakuja leo, kweli?
Akaangalia saa, akarudi zake ndani.
Mvua ilipoanza, kofia akaivuta,
Jua likiwaka sana, kiti akakisogeza.
Majirani wakacheka, ati mzee aota,
Hakuwajibu lolote, macho kwa reli kakaza.

Halafu nikaingia mshororo wa 9 kwa mbwembwe, na "lakini" yangu mkononi:

Lakini treni karudi, yapiga honi kwa mbali,
Kituo kinapendeza, abiria wanakaa.
Kiti chake kipo pale, naye hatunaye, kweli,
Nina huzuni moyoni, machozi yananijaa.
Guka wangu pumzika, mbinguni tutaonana,
Sitakusahau kamwe, ninakukumbuka sana.

Mizani 16 kila mshororo, vina vimetulia, 14 kamili. Ungeipeleka kwa mtihani ingepita. Niliisoma kwenye mkutano wa familia na watu wakapiga makofi. Wanafamilia hupiga makofi.

Angalia ile sita kwa makini, kwa sababu kosa lake ni kosa la soneti nyingi ninazoletewa na marafiki wanaoandika. Kuna "lakini". Kuna tukio jipya, treni imerudi. Tukio jipya linafanana sana na kona, ndiyo maana linadanganya. Lakini mwanzoni tulijua mzee anangoja treni, na sasa treni imekuja, yeye hayupo, nina huzuni. Habari zimeongezeka, maana imebaki palepale. Kuna jaribio rahisi hapa: ukishamaliza, rudi mshororo wa 1 usome tena. Je, kuna neno lolote la mwanzo ambalo sasa linasema kitu ambacho halikusema mara ya kwanza? Kwenye soneti yangu hakuna. Kiti ni kiti, reli ni reli. Na yale maneno ya mwisho, tutaonana, sitakusahau, ungeyabandika kwenye mazishi ya mtu yeyote. Mwisho unaohamishika hivyo haukutoka kwa hiyo mishororo 8.

Makofi yalipoisha, shosho akaniuliza polepole, kwa Kikuyu, "Ni nani alikuambia alikuwa akingoja treni?"

Nikasema, si alikuwa anakaa pale kwa reli?

"Alikuwa anakaa pale kwa sababu hapa nyumbani simu haikuwa ikishika mtandao. Pale ndipo ilikuwa inashika. Ulimwambia utakuwa unapiga jioni."

Sikuwa na la kumjibu. Ilinichukua muda mrefu kurudi kwa hilo shairi, na niliporudi sikugusa hata herufi moja ya mishororo 8 ya kwanza. Niliandika sita upya:

Treni ilirudi juzi. Nikapanda, nikashuka,
Nikakuta kiti tupu, shosho akaniambia:
"Hakuingojea treni, ni pale simu hushika.
Alingoja simu yako." Nami sikumpigia.
Kiti nimekikalia, simu iko mkononi,
Mtandao umejaa, nitampigia nani?

Sisemi hii ni kazi ya bingwa. Nasema tu kwamba hii inapinda na ile haipindi, na tofauti unaweza kuionyesha kwa kidole.

Kona iko wapi? Si mshororo wa 9. Pale treni imerudi, na treni kurudi ni kile kibao cha Makutano. Si wa 10 pia, ingawa pale shosho anafungua mdomo. Iko mwanzo wa mshororo wa 11, kwa maneno mawili: hakuingojea treni. Hakuna "lakini". Kuna kukanusha, na anayekanusha si mimi.

Ni nini kinabadilika? Kwanza, msemaji. Mishororo 8 ni mjukuu anayejifanya anamjua babu yake. Kona inamnyang'anya hiyo mamlaka na kumpa mtu aliyeishi na mzee.

Pili, kitenzi cha mshororo wa 3. Guka anauliza "itakuja leo, kweli?" Nani atakuja? Kwa Kiswahili kiambishi "i" kinabeba treni, na kinabeba simu vilevile. Uliposoma mara ya kwanza uliweka treni wewe mwenyewe, kwa sababu reli ilikuwa mbele ya macho yako. Kagua uone: katika mishororo 8 ya kwanza neno "treni" halipo. Majirani walifanya kosa hilohilo ndani ya shairi, wakacheka, na msomaji akacheka nao kidogo. Baada ya kona, "i" ile inageuka kuwa simu, na saa aliyokuwa akiiangalia si ratiba ya treni tena. Ni ile saa niliyomwahidi.

Tatu, aina ya jambo. Kabla ya kona ni huzuni. Baada yake ni hatia. Huzuni inapokea pole, hatia haipokei. Ndiyo maana ule mwisho wa kwanza, mbinguni tutaonana, haungeweza kukaa hapa tena. Ungekuwa matusi. Shairi likaishia kwa swali, na swali lenyewe halina wa kulijibu.

Na nini hakijabadilika? Mzee amekufa katika sita zote mbili. Kiti ni kilekile. Ukiona ukweli wa nje umebaki vilevile na bado umeshtuka, jua umepita kona. Ukiona ukweli wa nje tu ndio umebadilika, rudi ukatafute, pengine hakuna kona.

Najua mtakalosema. Kwanza, kwamba soneti ni ya wageni, na sisi tuna shairi letu, kwa hivyo kwa nini nijitese na volta za Waitaliano? Jibu langu ni kwamba kulijua shairi letu vizuri ndiko kunakuonyesha kwamba soneti ni chombo tofauti. Katika tarbia yenye kibwagizo, mshororo wa mwisho unarudi kila ubeti ukiwa vilevile, na hadhira inauitikia. Nguvu yake ni kurudi. Beti zinaweza kuongezwa, tano, kumi, ishirini, na kila ubeti unajitosheleza. Soneti haina mahali pa kurudi. Ina nafasi moja tu ya kupinda. Mtu anayeandika beti tatu za kusifu na kisha mishororo miwili ya kusifu zaidi, jumla 14, hajaandika soneti ya Kiafrika. Ameandika tarbia iliyokatwa mkia. Hilo si kosa, ila tuliite jina lake.

Pili, mwalimu ataniambia kwamba mtihani unahitaji jibu linaloweza kusahihishwa, na 14 ni 14 kwa kila msahihishaji. Sawa. Basi uliza hivi: onyesha mahali shairi linapogeuka, alama moja. Eleza lililokuwa kabla, alama moja. Eleza lililobadilika na utaje neno moja la mwanzo ambalo sasa unalisoma tofauti, alama mbili. Hilo linasahihishika, kwa sababu mwanafunzi lazima aonyeshe neno. Na kama wanafunzi wawili wataweka kona mahali tofauti, mmoja mshororo wa 9 na mwingine wa 11, wote wapewe nafasi ya kujitetea. Ziko soneti zenye kona mbili, ndogo na kubwa. Zile za Shakespeare, zilizopangwa 4, 4, 4, halafu 2, mara nyingi zinayumba kidogo kwenye 9 na kupinda hasa kwenye 13. Soneti yake ya 130 inakaa mishororo 12 ikikataa kumsifu mwanamke: macho si jua, midomo si marijani. Unadhani anamtukana. Mishororo miwili ya mwisho inakuonyesha kwamba aliyekuwa akitukanwa ni washairi waongo, na mwanamke alikuwa akiheshimiwa muda wote. Mwanafunzi aliyesimama kwenye 9 hapo ataondoka akiamini ni matusi.

Niliporudi Sagana mwezi uliofuata nilimpa binamu yangu soneti yangu, zile sita zote mbili, bila kumwambia ipi ni ya mwisho. Nilimwambia asihesabu. Alisoma ya kwanza haraka. Ya pili aliisoma, akanyamaza, akarudi juu kwa mshororo wa 3, akaweka kidole chini ya "itakuja".

"Kumbe ni simu," akasema. Halafu akaniangalia. "Kwani hukupiga?"